Kurekodi vipindi vinne Jumamosi moja: nguo, ukuta na violezo

Mfululizo ninaourekodi ni wa malezi ya watoto wachanga. Tunarekodia sebuleni, hapa Dar es Salaam, kwa kamera moja, taa mbili na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Mtangazaji ni muuguzi mwenye zamu, kwa hiyo Jumamosi ya kumpata mzima mzima huja mara moja kwa mwezi. Kipindi kinatoka kila Ijumaa na kina dakika nane hivi. Kwa hesabu hiyo, kila tunapokutana lazima niondoke na vipindi vinne vilivyokamilika, na mtazamaji avione kama vipindi vinne vya wiki nne.

Kuna mambo mawili yanayovutana hapa. Sauti, mwanga, ukubwa wa mtu kwenye kioo na namna kipindi kinavyofunguka vinatakiwa visibadilike hata kidogo. Nguo, na kitu kimoja ukutani, vinatakiwa vibadilike kila mara. Ukichanganya makundi hayo mawili, vipindi vitaonekana vimetengenezwa na watu tofauti, au vitaonekana ni kipindi kimoja kirefu kilichokatwa vipande.

Jambo kubwa kuliko yote nililijifunza kwa kuumia. Siku zetu za mwanzo tulimaliza vipindi vyote vinne, nikaanza kusikiliza jioni, nikakuta dakika mbili za kwanza za kipindi cha pili zina mvumo wa feni. Mtangazaji alikuwa ameshavaa nguo ya nne. Akairudia ile ya pili, tukarekodi ufunguzi upya, tukaagana. Nilipokaa kuhariri ndipo nikaona hereni. Kwenye ufunguzi mpya alikuwa na hereni za pete kubwa, kuanzia dakika ya tatu ana vishikizo vidogo vya lulu, na kilemba kimefungwa upande mwingine. Hakuna uhariri unaoficha hilo. Tangu hapo ninahesabu nguo kama mlango: ikivuliwa, kipindi kimefungwa na hatukirudii. Karibu kila hatua nitakayoieleza imewekwa ili mlango huo usifungwe mapema.

Kupanga: wiki moja kabla

Anza na idadi. Mtu asiyefanya kazi ya kuongea kila siku anaweza kutoa vipindi vinne vya dakika nane kwa siku moja, na sauti ya cha nne bado ikafanana na ya cha kwanza. Tuliwahi kujaribu sita. Cha tano kilipita kwa shida, cha sita sikukitumia kabisa, kwa sababu sauti ilikuwa imeshuka na macho yamechoka. Ukiweka cha tano, kiwe kifupi: dakika tatu za kujibu swali moja, cha akiba kwa mwezi wenye Ijumaa tano.

Kisha tofautisha mpangilio wa kurekodi na mpangilio wa kurusha. Hivi ni vitu viwili na kila kimoja kina sababu zake. Kipindi chenye namba nyingi, tarehe na majina magumu kirekodiwe cha kwanza, akili ikiwa bado mpya. Kile mtangazaji anachoweza kukieleza hata akiamshwa usiku kiwe cha mwisho. Kurusha kunafuata mahitaji ya mtazamaji.

Mfano wa Jumamosi moja. Mada zilikuwa chanjo za mwaka wa kwanza, kunyonyesha, utunzaji wa kitovu na usingizi wa mtoto. Chanjo ina namba nyingi, ikawa ya kwanza kurekodiwa. Ikafuata kunyonyesha, kisha kitovu, usingizi ukawa wa mwisho. Lakini mama aliyejifungua juzi anahitaji kitovu kwanza, kwa hiyo kurusha kulipangwa hivi: kitovu, kunyonyesha, usingizi, chanjo.

Matokeo yake ni kwamba ndani ya kipindi hakuna kutajana kwa haraka. Mtangazaji hawezi kusema “kama nilivyowaambia kwenye chanjo” akiwa kwenye usingizi, kwa sababu mtazamaji bado hajaiona chanjo. Vivyo hivyo na salamu. “Habari za asubuhi” na “leo Jumamosi” tumeviondoa, tukabaki na salamu moja isiyo na saa. Usitaje joto la leo, mvua ya jana, wala mwezi wa Ramadhani, isipokuwa umehakikisha kipindi hicho kitatoka ndani ya mwezi huo.

Maandishi ya vipindi vyote vinne yanafuata kiolezo kimoja cha karatasi moja. Sentensi ya kwanza ni swali ambalo mama hujiuliza, inafuata salamu na jina la kipindi, halafu mambo matatu (si manne), kisha dalili za kukimbilia kituo cha afya, mwisho kuaga. Sentensi ya kuaga ni ile ile kila mara, neno kwa neno. Mengine yote mtangazaji anayasema kwa maneno yake. Nimeona kwamba mwanzo na mwisho vikikaririwa, katikati panaweza kulegea bila mfululizo kupoteza sura.

Nguo

Usimwambie mtangazaji “njoo na nguo nne.” Mwambie alete sita, na mwombe azipige picha kwa simu siku tatu kabla, zikiwa zimetandikwa juu ya shuka jeupe. Hapo ndipo utaona kwamba mbili ni ndugu, au kwamba moja ina mistari myembamba. Mistari myembamba iliyobanana, kama ya mashati mengi ya ofisini na baadhi ya vikoi, hucheza kwenye kamera: kitambaa kinaonekana kama maji yanayotembea. Kitenge cha maua makubwa hakina tatizo hilo. Nyeupe tupu huungua kwenye taa na kufanya uso uonekane mweusi kuliko ulivyo. Nyeusi tupu humeza mikunjo yote, mtu akabaki kichwa kinachoelea. Rangi za katikati ndizo zinazokaa vizuri, kama udongo, kijani kizito, buluu na zambarau.

Kanga inahitaji tahadhari yake. Ina jina, na watazamaji wa Kiswahili watalisoma tu, iwe imevaliwa au imetundikwa nyuma. Kipindi cha kunyonyesha chenye kanga inayomsema jirani kitapata maoni juu ya kanga, na kunyonyesha kutasahaulika. Ama jina lifichwe kwenye mkunjo, ama lichaguliwe kwa makusudi.

Baada ya kuchagua nne, zipangie saa. Nguo za rangi ya mpauko, hasa buluu ya maji na kijivu, huonyesha jasho haraka, na sisi feni tunaizima wakati wa kurekodi. Hizo zivaliwe asubuhi. Za maua na za rangi nzito zisubiri mchana. Kichwa nacho kina mpangilio: ukianza na kilemba, kikivuliwa nywele zimelala na zina alama. Kwa hiyo nywele wazi kwanza, vilemba baadaye. Nguo ya kuvalia kichwani ivaliwe kabla ya kilemba na kabla ya poda. Ya vifungo vya mbele inaweza kuvaliwa wakati wowote.

Kwa Jumamosi ile tulipata hivi. Chanjo: blauzi ya buluu ya mpauko, nywele wazi. Kunyonyesha: blauzi ya rangi ya udongo, nywele wazi. Kitovu: gauni la kitenge na kilemba. Usingizi: blauzi ya kijani kizito na kilemba. Sasa viweke kwa mpangilio wa kurusha: kitovu kilemba, kunyonyesha wazi, usingizi kilemba, chanjo wazi. Mtazamaji anaona mabadiliko kila wiki, ilhali mtangazaji alitoka kwenye nywele wazi kwenda kwenye kilemba mara moja tu kwa siku nzima, na kubadili kitambaa cha kilemba mara moja.

Kama mtangazaji anasuka, jua tarehe ya kusuka. Misuko mipya ikiingia katikati ya mwezi, vipindi vya akiba vya mwezi uliopita usivichomeke kati ya vipya. Virushe vyote kwanza, au mpe kilemba kwenye kila kipindi unachokusudia kukiweka akiba.

Kila seti, yaani nguo, hereni, mkufu, kilemba, iingie kwenye mfuko wake wa plastiki wenye namba: 1, 2, 3, 4. Hereni ziwe ndani ya mfuko wa nguo yake, si kwenye pochi. Mifuko inatundikwa kwa mpangilio wa kurekodi. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililomaliza ugonjwa wa hereni.

Ukuta

Tuna ukuta mmoja wa rangi ya krimu na rafu moja ya mbao. Kiti kiko mita moja na nusu mbele ya ukuta. Karibu zaidi ya hapo, kivuli cha mtu kinaanguka ukutani na kinahama kila anapogeuka. Rafu ina vitu vitano. Vinne havisogei mwaka mzima: kikapu cha ukili, mmea, vitabu viwili, taa ndogo. Cha tano, upande wa kushoto, ndicho kinachobadilika kwa kila kipindi, na kinahusu mada: kopo na bakuli, kanga ya kumbebea mtoto iliyokunjwa, kadi ya kliniki, mto mdogo. Kubadilisha kitu kimoja kunatosha kabisa. Tulipokuwa tukibadilisha rafu nzima tulipoteza nusu saa kila mara, na hatukuwahi kuirudisha sawasawa.

Ondoa saa ya ukutani na kalenda. Saa ya ukutani ni adui mkubwa wa kurekodi kwa mkupuo, kwa kuwa inaonyesha saa tatu kwenye sentensi moja na saa nne kasoro kwenye inayofuata.

Dirisha nalo lifungwe kwa pazia zito, hata kama mwanga wake ni mzuri. Najua inauma, maana mwanga wa dirisha ni bure na unapendeza. Lakini sebule yetu inaelekea mashariki: saa tatu asubuhi jua linaingia kwa ulalo, ukuta una rangi ya dhahabu, na kufika saa nane mwanga umekuwa wa buluu na hafifu. Wingu likipita katikati ya sentensi, uso unazimika na kuwaka. Kwa kipindi kimoja tumia dirisha. Kwa vinne, funga, utegemee taa.

Kufunga kamera na taa: Ijumaa jioni

Kazi hii usiiache hadi Jumamosi. Ijumaa jioni weka kiti, stendi ya kamera na stendi za taa, kisha bandika utepe wa karatasi sakafuni kwenye kila mguu: miguu mitatu ya stendi ya kamera, mitatu ya kila taa, minne ya kiti. Pima urefu wa lenzi kutoka sakafuni na uuandike. Kwetu ni sentimita 112, usawa wa macho yake akiwa amekaa. Mwezi ujao hutaanza kukisia.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na hilo lina maana kwenye kamera. Taa nyingi za ndani huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera ikipiga picha 30 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, ya sekunde 1/60, utaona mistari ya giza inayotembea ukutani. Piga picha 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, mistari itatoweka. Kwenye aifoni, 25 haionekani mpaka uwashe `Show PAL Formats` ndani ya mipangilio ya kamera. Simu isiyo na 25 kabisa, tumia hali ya `Pro` ya video kama ipo, acha 30 lakini weka shata 1/50 au 1/100.

Kinachofuata ni kuzima kila kinachojirekebisha chenyewe. Rangi ya mwanga (`WB`) ukiiacha kwenye `Auto`, kitenge chekundu kitaifanya kamera ipoze rangi, uso wa mtangazaji ukaonekana na kijivu, na kipindi kinachofuata akiwa na blauzi ya buluu uso ukawa wa machungwa. Nguo imebadilika, na kamera imebadilisha ngozi. Weka namba moja, kwa taa zetu ni `5600K`, na usiiguse siku nzima. `ISO`, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, nayo iwe namba moja. Kwa simu, bonyeza uso na ushikilie mpaka maandishi `AE/AF LOCK` yatokee, na uyaangalie tena kila baada ya kusimamisha, maana mara nyingine hujifungua.

Namba hizo zote ziandike kwenye karatasi moja na uibandike nyuma ya mlango: urefu wa lenzi, umbali wa kiti, shata, `ISO`, `WB`, nguvu ya kila taa, kiwango cha maiki. Karatasi hiyo ndiyo kiolezo cha kurekodi. Kisha fungua kwenye simu picha moja iliyosimamishwa ya kipindi cha mwezi uliopita, ilinganishe na kioo cha kamera: macho yako theluthi ya juu? Kingo ya rafu inakata bega pale pale? Sogeza mpaka zilingane.

Nafasi ya kadi ipige hesabu. Kamera yangu inarekodi megabiti 50 kwa sekunde, sawa na megabaiti 375 kwa dakika. Kipindi cha dakika nane kwetu hula dakika 30 za kurekodi pamoja na makosa. Vipindi vinne ni dakika 120, yaani gigabaiti 45. Kadi ya 64 inatosha, ya 32 itakukatisha kwenye kitovu. Betri zijazwe usiku huo huo, pamoja na za taa kama zinakubali betri. Umeme ukikatika Jumamosi, mwanga lazima ubaki ule ule, la sivyo kipindi kilichokuwa katikati kinarudiwa mwanzo.

Siku yenyewe

Saa mbili asubuhi nawasha kila kitu, natoka nje kusikiliza mtaa. Mtangazaji anafika saa mbili na nusu, anavaa mfuko wa 1. Kuanzia saa tatu hadi saa nne kasoro robo ni kipindi cha kwanza, dakika ishirini za kubadilisha, cha pili hadi saa tano kasoro, kisha cha tatu ambacho lazima kiishe saa sita na robo. Adhana ya adhuhuri hapa mjini inaingia kama saa sita na nusu, na ukijipangia kupumzika wakati huo hupotezi kitu: watu wanaswali, wanakula, feni inawashwa, chumba kinapoa. Saa nane tunaanza cha nne, kikaisha kabla ya alasiri. Baada ya hapo napiga picha za mikono na vifaa, ambazo hazihitaji sauti.

Kila kipindi kinafunguliwa kwa utaratibu ule ule. Mtangazaji anashika karatasi nyeupe mbele ya uso kwa sekunde tano, ili baadaye niweze kusawazisha rangi za vipindi vyote kwa kipimo kimoja. Anataja namba ya kipindi na mada, anapiga kofi moja. Halafu anakaa kimya sekunde thelathini. Ukimya huo wa chumba ni mali: ndio ninaoutumia kuziba nafasi kila ninapokata sentensi, na ukimya wa saa tatu si ule wa saa nane, ndiyo maana kila kipindi kinarekodi wake.

Maiki ibanwe mahali pamoja kwa kila nguo, kiganja kimoja chini ya kidevu. Hapa nguo zinaleta shida kuliko watu wanavyodhani. Kitenge kipya chenye gamu hukwaruza, hariri na nailoni hunguruma. Kabla ya kuanza, mwambie ageuze mabega kushoto na kulia huku umevaa hedifoni. Ukisikia mkwaruzo, bandika kipande cha plasta ya hospitali kati ya maiki na kitambaa. Kwa anayevaa hijabu, maiki ikae juu ya hijabu kama kitambaa ni kizito, au chini yake kama ni laini na chepesi, lakini uamuzi huo ukiufanya kwenye kipindi cha kwanza uendelee nao hadi cha nne, kwa sababu sauti hizo mbili hazifanani.

Akikosea, asirudie neno. Arudie sentensi nzima kuanzia mwanzo, baada ya kunyamaza kidogo.

Kabla hajavua

Hapa ndipo siku inapookolewa au kupotea. Kipindi kikiisha, mtangazaji hukimbilia chumbani, maana amechoka na joto limemzidi. Mimi nasema kila mara, na sasa amezoea:

“Dada, usivue kwanza.”

“Si umesema kimetoka?”

“Nipe dakika sita tu, nisikilize.”

Dakika hizo sita zina kazi nne. Ya kwanza, nasikiliza kwa hedifoni vipande vitatu: mwanzo, katikati na mwisho, dakika moja kila kipande, nikitafuta mvumo, mkwaruzo na pikipiki iliyopita. Ya pili, ninaangalia kioo kwa macho ya mtu asiyejua kazi: je, kola imekaa, poda imeng'aa, waya wa maiki umechungulia? Ya tatu, tunasoma kwa pamoja namba zote zilizotajwa, nikishika karatasi. Ya nne, napiga picha mbili tulivu. Moja ni ya jalada la kipindi, akiwa ametazama kamera na kuacha nafasi ya maandishi upande wa kulia. Nyingine ni ya ushahidi, kuanzia kichwani hadi kiunoni, hereni zikionekana pande zote mbili. Hiyo ya pili haitoki popote. Ni ya kunisaidia iwapo, kwa dharura kubwa, itabidi avae tena.

Baada ya hapo ndipo nasema “vua.” Anapobadilisha, nanakili faili kwenye kompyuta na diski ya pembeni. Kadi siifuti mpaka Jumapili.

Majina ya faili nayabadilisha hapo hapo, si usiku. Yananionyesha vitu vitatu: namba ya kurusha, mada, na namba ya mfuko wa nguo, ambayo ndiyo mpangilio wa kurekodi.

```
E31_KITOVU_NG3_01.mp4
E32_KUNYONYESHA_NG2_01.mp4
E33_USINGIZI_NG4_01.mp4
E34_CHANJO_NG1_01.mp4
```

Ukiona `NG3` ndani ya folda ya `E32`, umeshajua kuna kosa kabla hujafungua chochote.

Violezo vya kuhariri

Nina mradi mmoja mtupu ambao siuhariri kamwe. Kila kipindi kinaanza kwa kuunakili na kuupa jina jipya. Ndani yake mna picha za ufunguzi za sekunde nne, nafasi ya jina la mtangazaji, sanduku la maandishi ya mambo matatu, muziki wa kuaga, na mstari wa sauti wenye kiwango kilichokwisha kupangwa. Nikiingiza video, kazi inayobaki ni kukata makosa na kujaza maneno.

Jihadhari na violezo vya kupakua. Vingi vimepimwa kwa lugha yenye maneno mafupi. “Kumwachisha mtoto ziwa” na “unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee” haviingii kwenye sanduku la herufi 18. Programu itapunguza herufi zenyewe, na hapo kila kipindi kitakuwa na ukubwa wake wa maandishi. Nilichofanya ni kuandika kwanza kichwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuwa navyo, nikapanga sanduku limeze hicho kwa mistari miwili, na nikazima upunguzaji wa herufi. Kichwa kifupi kinabaki na nafasi, hakuna ubaya.

Rangi za maandishi pia zipimwe na nguo. Sanduku letu lilikuwa kijani. Mtangazaji alipovaa blauzi ya kijani kizito, sanduku lilizama kifuani mwake. Sasa ni krimu yenye maandishi meusi, linasomeka juu ya kila nguo.

Hariri vipindi vyote vinne kwa pamoja kwa hatua, si kimoja baada ya kingine. Kata makosa ya vyote, kisha sawazisha rangi za vyote kwa kutumia ile karatasi nyeupe, kisha sauti. Mwisho weka sekunde kumi za kila kipindi bega kwa bega na uzitazame mfululizo kwa mpangilio wa kurusha. Sauti ya saa nane ikiwa chini kuliko ya saa tatu, utaisikia hapo hapo. Ngozi ikiwa imebadilika rangi, utaiona.

Kosa likigundulika baadaye

Kuna makosa yatakayopita hata baada ya dakika sita. Kwenye chanjo ya Jumamosi ile, mtangazaji alisema vizuri kwamba chanjo ya penta hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Lakini alipokuwa akirudia kwa muhtasari, akasema “wiki ya sita, ya nane na ya kumi na nne.” Kwa kuwa mara ya kwanza ilikuwa sahihi, sote wawili tuliipitisha. Niliiona Jumanne, kwenye kuhariri.

Hatukuvaa tena blauzi ya buluu. Nilimwomba arekodi sentensi hiyo moja kwa simu yake, akiwa amejifunika khanga kichwani ndani ya chumba chenye nguo nyingi, simu kiganja kimoja chini ya kidevu kama maiki, anitumie faili lenyewe na si ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti hubanwa na hupoteza uzito. Juu ya sauti hiyo nikaweka picha ya mikono ikifungua kadi ya kliniki, iliyopigwa Jumamosi alasiri. Chini yake nikatandika ule ukimya wa chumba wa sekunde thelathini, ili sauti ya chumbani kwake ikae ndani ya sebule yetu. Ndiyo sababu kila siku ya mkupuo napiga angalau picha sita za mikono na vifaa kwa kila mada, sekunde kumi na tano kila moja, bila nguo yoyote kuonekana zaidi ya kifundo cha mkono. Bangili zinavuliwa.